Mpaka wa Kagera na Hoja ya Wanaosema Sheria ya Kimataifa Si Sheria: Uhakiki wa Mpango wa Insha

Katika kozi ya utangulizi kuna swali moja ambalo kila mwaka huleta mabishano makali kuliko mengine yote. Swali lenyewe ni fupi: je, sheria ya kimataifa ni sheria kweli? Wanachuo huandaa mpango wa insha kabla ya kuandika insha yenyewe, na mipango hiyo ndiyo tunayoihakiki hapa. Tumeisoma mingi, hasa ya wanachuo wa Karagwe na Kyerwa. Imetusikitisha kuona kwamba iliyo mingi inampa mpinzani ushindi hata kabla mjadala haujaanza.

Mpango wa kawaida huwa hivi. Mwanachuo anaanza kwa kutaja Umoja wa Mataifa na vyombo vyake. Anaendelea na Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague, kisha Baraza la Usalama na vikwazo vyake. Mwishoni anaeleza matumaini yake kwamba siku moja vyombo hivyo vitakuwa na nguvu za kutosha. Mpinzani akiusoma mpango huo anacheka, na ana haki ya kucheka. Mahakama ya The Hague haiwezi kuihukumu nchi ambayo haikukubali mamlaka yake. Mwaka 1986 Mahakama hiyo iliamua kwamba Marekani ilivunja sheria dhidi ya Nikaragua, na Marekani ikakataa kutii. Shauri lilipopelekwa kwenye Baraza la Usalama, Marekani hiyo hiyo ikatumia kura ya turufu. Ikiwa sheria ni sheria kwa sababu ina mahakama na polisi, basi mwanachuo wetu ameshakubali kipimo cha mpinzani, na kwa kipimo hicho atashindwa.

Kipimo hicho kimetoka wapi? Kimetoka hasa kwa Mwingereza John Austin, aliyechapisha mihadhara yake mwaka 1832. Kwa Austin, sheria ni amri ya mtawala mkuu kwa watu waliozoea kumtii, amri yenye adhabu nyuma yake. Kwa kuwa juu ya mataifa hakuna mtawala mkuu, Austin alisema kanuni zao si sheria bali ni maadili tu, yanayoshikiliwa na maoni ya watu. Mipango mingi ya insha inamtaja Austin kwa sentensi moja na kumpita. Hilo ni kosa, maana hoja yake ndiyo mzizi wa mti. Wasemao barazani kwamba "mwenye nguvu mpishe" wanakata matawi yake tu.

Basi tumjaribu Austin hapa hapa tulipo. Katika vijiji vyetu mpaka wa kibanja na kibanja huoneshwa kwa mmea ambao Wahaya na Wanyambo huuita omulamula. Mmea huo ulipandwa na mababu, na hapakuwa na polisi aliyesimama kuulinda. Jirani mwenye tamaa aliweza kuung'oa usiku na kuupanda hatua tano mbele. Lakini angalia alichofanya asubuhi yake. Hakusimama mbele ya wazee na kusema, "Nimeung'oa kwa sababu nina nguvu." Alisema, "Ulikuwa hapa tangu zamani." Alijua kwamba pana kanuni, alijua kwamba wengine wanaijua, na uongo wake wenyewe ulikuwa ushahidi kwamba kanuni ipo. Wazee nao hawakuuliza nani ana mabavu; waliuliza nani alipanda, lini, na nani aliona. Je, tuseme Wanyambo hawakuwa na sheria ya ardhi mpaka Mjerumani alipoleta askari? Hakuna mwanachuo wa Karagwe atakayekubali kusema hivyo, na hapo kipimo cha Austin kimekwisha pasuka. H.L.A. Hart, Mwingereza mwenziwe, alimkosoa mwaka 1961 kwa hoja iliyo karibu na hii: amri ya jambazi nayo ina adhabu nyuma yake, lakini si sheria, na kuna kanuni ambazo watu huzikubali kama kipimo cha kusifia na kulaumu matendo, hata pale pasipo na mtu wa kuwachapa.

Mpinzani hatanyamaza. Atasema, "Sawa, lakini sheria ya kimataifa huvunjwa kila siku." Hapa tunamwomba mwanachuo aende Murongo, wilayani Kyerwa, ambako Mto Kagera unatutenga na Kikagati ya Uganda. Kila mtu wa Murongo anajua kwamba bei ya kahawa ng'ambo ikipanda, kahawa huvuka usiku kwa magendo. Serikali imepambana na magendo hayo miaka mingi, na bado hayajakoma. Hata hivyo hatujamsikia mtu yeyote, hata mlanguzi mwenyewe, akisema kwamba sheria ya forodha ya Tanzania si sheria. Anayevusha gunia usiku wa manane anakiri kwa usiku wake kwamba mchana pana sheria. Kuvunjwa kwa kanuni ni jambo moja, na kutokuwepo kwa kanuni ni jambo jingine. Tukitaka kujua kama kanuni ni sheria, haitoshi kuhesabu wanaoivunja. Tuangalie mvunjaji anasema nini, wenziwe wanamjibu nini, na mambo yakitulia watu wanarudi kwenye msimamo upi.

Kwa kipimo hicho sasa tunaweza kuingia kwenye kesi yenyewe, na kesi yenyewe ni mpaka wetu. Mwanachuo aandike insha yake kando ya mto huu badala ya kuiandikia The Hague.

Kwanza aeleze jiografia, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Mto Kagera unapanda kuelekea kaskazini ukiwa mpaka kati yetu na Rwanda, upande wa magharibi wa Karagwe na Kyerwa. Pale nchi tatu zinapokutana unageuka kuelekea mashariki na kuwa mpaka kati ya Kyerwa na Uganda. Mbele zaidi mto unaingia kabisa ndani ya Tanzania, na mpaka unauacha: kutoka hapo hadi Ziwa Viktoria mpaka ni mstari ulionyooka, latitudo ya digrii 1 kusini ya Ikweta. Kwa hiyo, kaskazini ya mto na kusini ya mstari pamebaki ardhi ya Tanzania, ambayo leo iko katika Wilaya ya Missenyi. Ardhi hiyo ndiyo iliyoleta vita.

Mstari wa digrii 1 ulichorwa katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Hakuna Mnyambo, Mhaya wala Mganda aliyeulizwa. Hapa ndipo mpinzani wa pili anapojitokeza, na huyu ni mtu wa kwetu, si wa Austin. Anasema: sheria hii ni karatasi ya mabeberu, iliyoandikwa na tabaka moja kwa faida ya tabaka hilo, kwa hiyo si sheria. Mpango wa insha usimdharau mtu huyu. Nusu ya maneno yake ni kweli tupu. Lakini anachanganya maswali mawili ambayo mwanachuo lazima ayatenge: kanuni hii ni sheria? Na kanuni hii ni ya haki? Sheria ya kikoloni ya kodi ya kichwa haikuwa ya haki, na wazee wetu waliipinga kwa sababu ilikuwa sheria, iliyowafunga na kuwatoza. Kama ingekuwa karatasi tu, kulikuwa na haja gani ya kupigania kuifuta?

Upande wa magharibi historia ina fundisho jingine, na tunashangaa kwamba katika mipango yote tuliyoisoma hakuna hata mmoja ulioligusa. Baada ya Wajerumani kushindwa, Waingereza na Wabelgiji waligawana nchi katika mapatano ya mwaka 1919, yanayojulikana kwa majina ya Milner na Orts. Mpaka haukuwekwa kwenye Mto Kagera. Waingereza walijikatia kipande cha Rwanda ya mashariki, ng'ambo ya mto, pamoja na nchi ya Gisaka, ili wapate njia ya reli ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kairo. Mfalme Musinga wa Rwanda alilalamika, na wamisionari wakamsaidia. Nchi hizi wakati huo zilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, na Shirikisho hilo lilikuwa na tume ya kuangalia namna wadhamini walivyotawala. Tume ikasema wazi kwamba kuukata ufalme vipande viwili kunawaumiza wenyeji, na udhamini umewekwa kwa ajili ya wenyeji. Mwaka 1923 ikakubaliwa kwamba Gisaka irudishwe, na mto ukawa mpaka. Mwaka 1934 Uingereza na Ubelgiji zikatia sahihi jijini London mkataba wa kuueleza mpaka huo, na pamoja nao mapatano kuhusu maji: atakayechota maji ya mto ulio ndani ya nchi yake ayarudishe kabla mto haujaingia nchi ya mwenziwe.

Mwanachuo asitukuze jambo hili kupita kiasi. Mpinzani atamwambia kwamba Waingereza waliachia Gisaka kwa sababu ilikwisha kuonekana kuwa reli inaweza kupita upande wa pili wa mto, walitoa kisichowauma. Hilo ni kweli, na mwanachuo alikubali waziwazi. Lakini aulize: kama sheria haikuwa na uzito wowote, kwa nini dola kubwa iliyokwisha kuikalia ardhi ilijibu malalamiko ya mfalme asiye na jeshi la kuitisha, tena mbele ya tume isiyo na askari hata mmoja? Jibu ni kwamba Uingereza ilikuwa imeidai Tanganyika yote kwa jina la udhamini. Kuikana kanuni pale Gisaka kungekuwa kuukata msingi iliosimamia yenyewe. Mara nyingi sheria ya kimataifa hufanya kazi yake kwa namna hiyo, bila kuhitaji rungu. Inambana mtu kwa madai yake mwenyewe.

Mabano haya haya tukayapokea sisi tulipopata uhuru. Mwaka 1961 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba Tanganyika haitarithi kwa upofu mikataba yote ya Waingereza. Mikataba ya nchi mbili ingeendelea kwa miaka miwili tu huku ikichunguzwa. Mwaka uliofuata Serikali ikaziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba mapatano ya maji ya Nile ya mwaka 1929 hayaifungi Tanganyika. Jambo hilo linatuhusu sana, maana Kagera ni moja ya vyanzo vya Nile. Hata hivyo mipaka haikuguswa. Mwezi Julai 1964, Kairo, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipitisha azimio la kuheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru, na Mwalimu ndiye aliyekuwa mtetezi wake mkuu. Si kwamba walisahau nani aliichora. Waliona kwamba kila mpaka wa Afrika ukifunguliwa kwa mazungumzo ya mizinga, hakuna kijiji kitakacholala. Kwa kitendo hicho mstari wa digrii 1 ukawa na mama mwingine: haukusimama tena kwa sahihi ya Mjerumani na Mwingereza, bali kwa neno la Waafrika wenyewe.

Sasa tufike mwaka 1978, ambao ndio moyo wa insha.

Mwezi Oktoba mwaka huo Radio Uganda ilitangaza kwamba Tanzania imeivamia Uganda. Ulikuwa uongo. Mwishoni mwa mwezi majeshi ya Iddi Amin yakavuka mstari, yakaua raia, yakapora ng'ombe na mali, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera sasa ni ya Uganda. Siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwanachuo asimame kidogo kwenye ule uongo wa kwanza. Amin alikuwa na vifaru na ndege, naye hakuwa mtu wa kuogopa lawama. Kwa nini basi ajisumbue kudai kwamba yeye ndiye aliyevamiwa? Ni yule yule jirani wa omulamula: anang'oa usiku, na asubuhi anatafuta maneno ya sheria ya kufunika shimo.

Mpinzani ana karata yake kali hapa, na mpango wa insha lazima uiweke mezani kabla hajaitoa mwenyewe. Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukumlaani Amin. Mkataba wake wa mwaka 1963 ulisema wazi kwamba kila nchi iheshimu uhuru na ardhi ya nyingine, na azimio la Kairo lilikuwapo. Tanzania ilitaka Umoja ulaani uchokozi, Amin aache madai yake ya ardhi, na fidia ilipwe. Ilichopata ni wapatanishi waliozitaka pande zote mbili ziache kupigana, kana kwamba mwenye nyumba na mwizi wamegombana kwa bahati mbaya. Aliyemwondoa Amin ni Jeshi la Wananchi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. "Mnaona?" mpinzani anasema. "Bunduki ndiyo iliyohukumu."

Tunawaomba wanachuo wasikimbilie kulitetea shirika. Lilishindwa, na ni sawa kuandika kwamba lilishindwa. Lakini bunduki ilihukumu nini hasa? Ilimwondoa mvamizi. Haikusema mpaka uko wapi. Swali hilo lilikuwa limejibiwa kabla ya risasi ya kwanza, na ndiyo maana Mtanzania wa Mutukula na mwanadiplomasia wa mbali waliweza wote kusema neno moja, kwamba kilichofanyika ni uvamizi. Bila sheria neno hilo halina maana. Kungekuwa na majeshi mawili tu yanayosukumana juu ya ardhi isiyo na mwenyewe.

Na ushahidi mkubwa kuliko wote uko baada ya ushindi. Mwezi Aprili 1979 jeshi la Tanzania lilikuwa Kampala, na likabaki Uganda hadi mwaka 1981. Serikali mpya ya Uganda ilitegemea jeshi hilo. Kama hoja ya mwenye nguvu ingekuwa kweli, huo ndio ulikuwa wakati wa kusogeza omulamula kaskazini, walau kilomita chache, kwa jina la usalama. Hakuna hata hatua moja iliyosogezwa. Mstari ulirudi digrii 1 kusini, pale pale ulipokuwa. Mshindi aliyeshika bunduki alijiwekea mpaka kwa kanuni ile ile aliyokuwa ameitumia kumshitaki mvamizi. Mpango wa insha ambao hauna jambo hili, sisi tunausahihisha kwa wino mwekundu.

Lakini kuna upande wa pili ambao kada mwaminifu hauruki. Sheria inayoturuhusu kumtimua mvamizi, yaani haki ya kujilinda katika kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, inatupeleka mpaka Mutukula. Je, inatupeleka hadi Kampala? Hapo wanasheria wamegawanyika. Katika mkutano wa wakuu uliofanyika Monrovia mwezi Julai 1979, Rais Nimeiry wa Sudan na Jenerali Obasanjo wa Nigeria waliikosoa Tanzania kwa kuingilia mambo ya nchi nyingine. Mwalimu alieleza kwamba vita vilikuwa viwili: cha Watanzania kumwadhibu mchokozi, na cha Waganda kumwondoa dikteta wao. Maelezo hayo yana nguvu yake, na yana udhaifu wake pia, kwa sababu bila vita cha kwanza cha pili kisingefika mbali. Mwanachuo aruhusiwe kuhukumu vyovyote atakavyo. Jambo tunalotaka alione ni kwamba Serikali yetu, ikiwa imeshinda, ilijiona ina wajibu wa kujieleza, na ilijieleza kwa lugha ya kujilinda na kutoingilia. Aliyelaumu na aliyelaumiwa walikuwa wakisoma mkataba mmoja. Watu hawabishani hivyo juu ya kitu kisichokuwepo.

Ili insha isiwe wimbo wa kujisifu, mpango uwe na mahali pa mwaka 1996. Tangu mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walikuwa wamevuka Kagera kwa mamia ya maelfu, wengi wakaingia Ngara, na wengine katika kambi za Karagwe kama Chabalisa na Kagenyi. Tanzania ilikuwa imejifunga kwa Mkataba wa Wakimbizi wa Afrika wa mwaka 1969, unaosema kwamba mkimbizi harudishwi kwao bila hiari yake. Mwezi Desemba 1996 Serikali, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, ilitangaza kwamba wote warudi kabla ya mwisho wa mwaka. Wengi walijaribu kukimbilia ndani ya nchi badala ya kurudi. Askari wakawageuza, na karibu nusu milioni wakavushwa. Wenyeji walikuwa wamechoka, misitu ilikuwa imekatwa, na kambini mlikuwamo wauaji waliowatawala wengine kwa hofu. Yote hayo ni kweli. Lakini neno "hiari" liko katika mkataba tulioutia sahihi, na hatuwezi kulifuta kwa sababu lilituumiza. Aliyetulaumu alitumia sheria, nasi tulipojibu tulidai kwamba Rwanda sasa ilikuwa salama, yaani tulijibu ndani ya sheria. Mwanachuo anayeweza kuandika aya hii bila kutetemeka ameelewa somo kuliko anayejaza kurasa tatu za kumlaumu Amin.

Na kwa anayeng'ang'ania kwamba hakuna jela ya kimataifa, atajwe Sylvestre Gacumbitsi. Huyu alikuwa mkuu wa wilaya ndogo ya Rusumo nchini Rwanda, ng'ambo ya mto, na mauaji ya kanisa la Nyarubuye ya mwezi Aprili 1994 yalitokea katika eneo lake. Alikamatwa mwaka 2001 katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, akashitakiwa Arusha mbele ya Mahakama ya Kimataifa kwa Rwanda iliyoundwa na Baraza la Usalama mwaka 1994, na mwaka 2004 akahukumiwa miaka 30. Alipokata rufaa, mwaka 2006 adhabu ikaongezwa kuwa kifungo cha maisha. Tunashauri mfano huu uwe mfupi. Mahakama hiyo ilikuwa ya pekee, ilifungwa mwaka 2015, na mwanachuo akiutegemea sana atakuwa amerudi kwenye kipimo cha Austin kwa mlango wa nyuma.

Afadhali nafasi hiyo aitumie kwa sheria ya kila siku, ile isiyoandikwa magazetini kwa sababu haivunjwi. Pale Murongo na Kikagati, mahali pale pale pa magendo ya kahawa, pamejengwa bwawa la umeme la megawati 14 juu ya mto wa mpaka. Marais wa Tanzania na Uganda walilizindua mwezi Mei 2023, na umeme wake nchi mbili zinagawana nusu kwa nusu. Kabla ya kumwaga zege lazima ijulikane mpaka unapita wapi mtoni, na nani ana haki gani juu ya maji. Hakuna askari anayesimama pale kuhakikisha kwamba kila upande unapata nusu yake. Miaka 45 baada ya Amin kudai mto uwe mpaka pale usipokuwa, watu wa pande mbili wanachaji simu kwa mkataba.

Tumalizie na swali ambalo hujitokeza darasani pasipo kutarajiwa, nalo lisifichwe. Mwanachuo mmoja mwerevu atauliza: mbona mkataba ule ule wa mwaka 1890, tunaoushikilia hapa Kagera, ndio unaouweka mpaka wa Malawi kwenye ufuko wetu wa Ziwa Nyasa, na tangu miaka ya 1960 Tanzania inadai kwamba mpaka upite katikati ya maji? Je, tunaheshimu mkataba kaskazini na kuukana kusini? Jibu la kusema "ile ni haki yetu" halitoshi, na jibu la kusema "basi sheria ni unafiki" ni la mvivu. Kuna hoja za kweli: namna Waingereza wenyewe walivyoonesha mpaka huo katika taarifa na ramani zao za miaka mbalimbali, desturi ya kugawa maziwa katikati, na nini hasa azimio la Kairo lilikusudia kuhifadhi. Kuna hoja za kweli upande wa Malawi pia. Sisi tunalitoa swali hilo kama zoezi la wiki inayofuata: kurasa mbili, ya kwanza kwa niaba ya Tanzania, ya pili kwa niaba ya Malawi, na mwandishi awe mmoja.